Rojo la bagia linalokataa kushika: unga mbichi na unga mbivu wa dengu

"Shikamoo mama. Niko Makorora, Tanga. Nilinunua kilo ya dengu, nikaziloweka usiku kucha, nikaanika siku moja, nikazikaanga mpaka zikawa kahawia na kunukia kama karanga, kisha nikapeleka mashineni. Bagia za viazi zimenishinda: rojo linateleza, viazi vinabaki uchi ndani ya mafuta, na mwishoni kuna uchungu. Lakini unga uleule nilipochanganya na ngano, chapati zilikuwa tamu mno. Nimekosea wapi, na inawezekana kusaga unga wa bagia nyumbani?"

Marahaba mwanangu. Unga wako haujaharibika. Umeiva kupita kazi uliyoupa, na chapati zako zimeshakuonyesha hivyo. Unga wa bagia unasagika nyumbani vizuri kabisa, ila dengu zake hazikaangwi mpaka zikabadilika rangi. Zinapashwa moto tu, ganda lifunguke na unyevu utoke, basi.

Nikueleze sababu, maana ukiijua hutahitaji tena kumuuliza mtu. Fikiria katlesi. Unaichovya kwenye yai bichi, unaitumbukiza kwenye mafuta, na ule ute unaganda palepale na kuikamata katlesi pande zote. Sasa jaribu kulichemsha lile yai kwanza, ulisage, kisha uchovye katlesi humo. Halitakamata kitu, kwa sababu limekwisha kuganda. Dengu ina protini nyingi na wanga mwingi, na rojo la bagia hufanya kazi kama ule ute: hivyo viwili huingia kwenye mafuta vikiwa bado vibichi na vimelowa maji, joto linavikuta humo, vinaganda juu ya kiazi na kuwa koti. Ukikaanga dengu mpaka kahawia, protini imeshaganda ndani ya punje hata kabla hujasaga. Unga wa namna hiyo unakunywa maji vizuri, unavimba, machoni unaonekana rojo zito la kuaminika, lakini hauna cha kukamatia. Ukifika kwenye mafuta unaachia.

Kwenye chapati mambo ni mengine. Pale anayeshika ni ngano, dengu kazi yake ni kuleta ladha na harufu, na dengu iliyokaangwa vizuri ina ladha ambayo dengu mbichi haina. Kwa hiyo jikoni kwangu nina makopo mawili. Moja naliita mbichi, ingawa limepita kwenye moto kidogo, na jingine naliita mbivu. La kwanza ni la bagia, kachori na chapati za maji. La pili ni la chapati za kusukuma na la kuongezea uzito.

Uchungu ulioupata ni kosa jingine, nalo lilianza usiku ule wa kuloweka. Dengu iliyolala ndani ya maji inalowa mpaka moyoni, na jua la siku moja hukausha ganda tu. Ulipoiweka kwenye karai, nje kulikuwa kukavu na ndani kubichi kwa maji. Ukasubiri ndani pakauke, na wakati unasubiri, ganda likaungua. Ganda lililoungua likisagwa pamoja na punje, unga wote unakuwa na ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Kuloweka ni kwa dengu za kuchemsha. Za kusaga haziloweshwi.

Sasa tuchukue kilo nyingine pamoja, tuisage kwa ajili ya bagia.

Nenda soko la Mgandini ukatafute dengu ndogo za kahawia, zile zenye kincha upande mmoja na ganda lenye mikunjo. Nyingi zinatoka Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Mwanza. Zipo pia nyeupe kubwa, ni tamu sana za kuchemsha, lakini ganda lake jembamba limegandamana na punje na ni shida kulitoa, na ladha ya unga wake ni ya upole kuliko bagia inavyotaka. Kama una ndugu Mombasa anayekuandikia mapishi, kumbuka kwamba kwao ndengu ni choroko. Nimewahi kuona mtu amesaga choroko kwa maelekezo ya simu, akashangaa mbona unga ni wa kijani. Chukua punje moja uiume. Ikilia ka! na kupasuka, ni kavu. Jino likizama, ina unyevu, na mwenye duka ataapa ni kavu lakini wewe liamini jino lako. Angalia pia matundu. Dengu iliyobunguliwa imebaki ganda na vumbi, na ukiisaga unamsaga na mdudu.

Chagua kwenye ungo, jiwe moja baada ya jingine, kwa subira, kwa sababu kijiwe kimoja kitamaliza kisu cha blenda. Kisha zioshe haraka haraka, maji ya kwanza na ya pili, chuja, zifunike kwa kitambaa kibichi kwa muda wa saa moja. Saa moja tu. Hapo ganda linalainika na kuachana kidogo na punje, lakini maji hayajapata nafasi ya kuingia ndani. Baada ya hapo anika juu ya mkeka, safu moja, uwe unageuza. Wakati wa kaskazi, Januari au Februari, siku moja ya jua kali inatosha. Wakati wa masika usijaribu. Hewa ya Tanga ina maji mengi, na dengu zitakaa nje siku tatu bila kukauka, zikianza kunuka kama nguo zisizoanikwa. Ikikulazimu kusaga masika, ruka kuosha: zifute kwa kitambaa kibichi, zipashe moto, na ukubali kazi ya ganda itakuwa ngumu kidogo.

Siku hizi kuna maduka yanayouza dengu zilizokwisha kukobolewa na kupasuliwa katikati, za manjano. Ukizipata kwa bei nzuri, hatua zote za ganda umeziruka. Zifute, anika saa chache, pasha moto kidogo, saga. Sioni aibu yoyote kuzitumia.

Moto sasa. Hapa ndipo panapotenganisha unga mbichi na mbivu, kwa hiyo simama karibu na karai lako, usiende kufua. Gawa ile kilo mara nne, robo kilo kila mkupuo. Ukizijaza zote kwa pamoja, za chini zitaungua na za juu hazijui hata kama kuna moto. Karai pana, mkaa uliotulia wenye majivu juu, mwiko wa mti. Geuza bila kupumzika. Dakika ya tatu au ya nne utasikia ganda linaanza kulia tik, tik, moja moja. Ile harufu ya majani mabichi, inayofanana na ya maharage yanayoanza kuchemka, itapanda kwa nguvu halafu itapungua. Chota punje kiganjani: ukishindwa kuzishika kwa kuhesabu mpaka tano, zinakaribia. Toa moja, iache ipoe, ipasue katikati. Ndani iwe na manjano yaleyale iliyokuwa nayo kabla. Ukiona ukingo wa ndani umeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, umeshavuka. Kwangu huwa ni dakika 6 mpaka 8, lakini mkaa wako siujui, kwa hiyo fuata ile punje iliyopasuliwa kuliko saa.

Mwaga kwenye ungo upesi, maana karai lenye joto linaendelea kukaanga hata likiwa chini ya jiko. Acha zipoe kabisa.

Kisha kinu. Usitwange, gonga. Mchi uanguke kwa uzito wake tu, bila mkono kuusukuma, na punje zitapasuka vipande viwili na ganda kuruka. Ukitwanga kwa nguvu utapata vumbi, na vumbi litaondoka na ganda unapopepeta, ukalie unga wako. Pepeta, rudisha zilizobaki na ganda, gonga tena, pepeta. Ganda hutoka kama gramu 100 hadi 150 kwenye kilo, na ukiongeza linalopotea kwenye kinu na chekeche, utabaki na unga wa karibu gramu 800. Vipande vichache vikikataa kuacha ganda, viache. Vidoadoa vya kahawia havidhuru. Ganda likiwa jingi ndipo rojo linapokuwa na mchanga mdomoni na koti la bagia linakuwa na nyufa.

Kusaga kwa blenda kunahitaji lile jagi dogo la viungo, si lile la juisi. Jaza nusu yake, usizidishe. Saga sekunde 20, pumzisha, tikisa, saga tena sekunde 20. Dengu ni ngumu, na mota ikipata moto utainusa kabla hujaiona ikifa. Chekecha kwa chekeche la unga wa mandazi, chenga zinazobaki zirudi kwenye jagi. Mzunguko wa pili ni wa muhimu zaidi: chekecha tena, safari hii kwa chujio la chai lenye matundu madogo au kitambaa chepesi. Chukua unga huo kati ya kidole gumba na cha shahada uusugue. Ukihisi kama poda, umefika. Ukihisi kama sukari, bado, na hizo punje za sukari hazitalainika kwenye rojo hata ulilaze nusu saa. Chenga za mwisho kabisa zisizosagika nazitia kwenye mchuzi wa kunde.

Mashine ya mtaani inafaa ukiwa na kilo 5 na kuendelea. Kwa kilo moja, sehemu yako kubwa itabaki ndani ya mashine na utaondoka na unga wa sembe wa mteja aliyekutangulia. Ndiyo maana nadhani hata unga wako huo una mahindi ndani. Mwambie msagaji apitishe kwanza konzi mbili tatu za dengu zako, zile uziweke kando, ndipo asage zilizobaki.

Na jambo hili nilijifunza kwa hasara. Mwaka mmoja, masika yakiwa yamekaza, nilisagisha kilo 5 mashineni. Unga ulitoka wa moto, unachoma mkono. Nikaona nisiucheleweshe, nikaumimina kwenye ndoo ya plastiki, nikafunika. Asubuhi chini ya kifuniko kulikuwa na matone ya maji kama kifuniko cha sufuria ya wali. Nikayafuta, nikafikiri nimemaliza. Siku ya kumi hivi nikakuta mabonge upande wa juu, yenye ukungu wa kijani, na ndoo nzima nikaimwaga. Unga ukitoka kusagwa, uwe wa mashine au wa blenda, tandaza kwenye sinia mpaka upoe kabisa ndipo uufungie.

Sasa tupike zile bagia zilizokugomea. Pima gramu 200 za unga mbichi, na vijiko viwili vya chakula vya unga wa mchele, kwa ajili ya kukauka na kulia unapouma. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai, manjano robo kijiko, kitunguu thomu kilichopondwa, pilipili kadiri ya watu wako, na kotmiri iliyokatwa ndogo. Maji usiyamwage yote. Anza na mililita 120 hivi, koroga mpaka upate uji mzito kama wa kushikilia mwiko, na uupige kwa nguvu dakika mbili nzima. Mabonge huvunjika rojo likiwa zito. Likishakuwa jepesi yanaogelea tu na kukukimbia. Kisha ongeza maji kidogo kidogo mpaka jumla ifike kama mililita 200, pengine 220 unga ukiwa mkavu sana. Funika, subiri dakika 20. Utakaporudi litakuwa limeongezeka uzito, kwa sababu chembe zimeendelea kunywa maji, kwa hiyo weka kijiko kimoja au viwili vya maji tena.

Chovya kijiko ukitoe, pitisha kidole mgongoni mwake. Njia ya kidole ibaki wazi, kingo zisirudi kukutana, lakini rojo linalodondoka kutoka kwenye ncha lifanye uzi, lisianguke bonge. Hapo limekaa sawa kwa viazi.

Viazi, nusu kilo na ziada kidogo, vikate vyembamba, unene wa sarafu mbili zilizopangwa pamoja. Ukishaviosha vikaushe kwa kitambaa, kimoja kimoja ikibidi. Nasisitiza hapa kwa sababu hata unga mzuri kuliko wote utateleza juu ya kiazi chenye maji. Mimi huvinyunyizia na unga mkavu kidogo kwanza, ndipo nachovya.

Mafuta yawe ya kadiri. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 175. Asiye nacho adondoshe tone la rojo: likizama likapanda baada ya sekunde moja mbili likiwa na mapovu pande zote, sawa. Likikaa chini, mafuta ni baridi na bagia zitayanywa. Likikauka kahawia papo hapo, koti litaungua kiazi kikiwa kibichi. Tia bagia chache kwa mara moja, usiziguse mpaka zielee zenyewe na koti liwe limeganda. Mkono wa haraka unaozigeuza mapema huwa unavua koti ambalo lilikuwa linashika. Dakika 4 au 5, ukigeuza mara moja tu.

Hamira ya unga na magadi, watu wengi huweka ili zivimbe. Chembe ya magadi ncha ya kisu haina neno. Ikizidi hapo koti linakuwa sponji, linashiba mafuta, na lina ladha ya sabuni. Mimi siweki kabisa.

Na tafadhali usionje rojo bichi ili kupima chumvi. Dengu mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na joto la mafuta ya kukaangia ndilo linalovimaliza, si lile la kuzipasha dengu moto. Kaanga bagia moja ya kuonja.

Ukiwa na unga usioujua, wa dukani au wa jirani, kuna jaribio la dakika kumi na tano. Changanya kijiko kimoja cha unga na kijiko kimoja na nusu cha maji, acha dakika kumi, kisha mimina kwenye chuma cha chapati kilichopata moto wa wastani na kupakwa mafuta. Subiri dakika mbili, tia ncha ya kisu chini yake unyanyue. Unga mbichi utanyanyuka kama kijichapati kizima na utajikunja bila kukatika. Unga mbivu utamomonyoka kisuni. Fanya na huo wa kwako leo jioni, utaona kwa macho ninachokisema.

Huo ulionao sasa usiutupe. Kwanza upitishe kwenye chekeche dogo, maganda meusi na chenga vitabaki juu, na sehemu ya uchungu itaondoka navyo, ingawa si yote. Sehemu moja ya unga huo kwa sehemu tatu za unga mbichi bado inatoa bagia zinazoshika, zenye harufu nzuri. Zaidi ya hapo zitaanza kuachia. Unafaa pia kwenye kababu, kijiko kimoja au viwili katika nusu kilo ya nyama ya kusaga: kule yai lenyewe ndilo linaloshika, na unga mbivu unakunywa maji ya nyama ili kababu isipasuke.

Ukitaka kutengeneza mbivu kwa makusudi, na vizuri safari hii, tumia mchanga, kama wanavyofanya wauza karanga. Mchanga safi uliooshwa mara nyingi na kuchekechwa, upate moto kwanza ndani ya karai, ndipo utie dengu kavu zisizolowekwa. Mchanga unaikumbatia punje pande zote, kwa hiyo ndani na nje vinaiva pamoja bila ganda kuungua. Asiyependa mchanga atumie chumvi ya mawe, inafanya kazi hiyohiyo. Zitapasukapasuka na kuruka kidogo. Chekecha mchanga utoke, iache punje ipoe, uiume: iwe inavunjika kwa urahisi kama biskuti, na ndani iwe ya dhahabu. Kahawia haitakiwi tena, acha kabla. Punje hizi zinasagika kwa wepesi kuliko mbichi, blenda itakushukuru.

Kwa chapati zako, kipimo changu ni gramu 100 za unga mbivu na gramu 200 za ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, na maji ya uvuguvugu kama mililita 180. Dengu haina ule uvutano wa ngano, kwa hiyo ukipita theluthi moja ya dengu chapati zitaanza kukatika ukingoni ukisukuma. Kanda donge liwe laini kuliko unavyozoea, lenye kunata kidogo mkononi. Utaona kama umekosea, utashawishika kuongeza unga. Usiongeze. Lifunike dakika 40, na unga mbivu utakunywa yale maji yaliyozidi, utakuta donge limekaa sawasawa. Ukianza na donge la kawaida, baada ya dakika 40 utakuwa na donge kavu na chapati ngumu kama kibao. Gawa madonge sita. Moto wa chuma uwe mdogo kuliko wa chapati za ngano tupu, kwa sababu dengu hubadilika rangi haraka, na chapati iliyochomwa kwa moto mkali itakuwa na madoa meusi huku katikati ikiwa bado ina ubichi wa ngano.

Kama nyumbani kuna asiyekula ngano, rudi kwenye unga mbichi umpikie chapati za maji. Gramu 150 za unga, mililita 280 za maji, kijiko cha chakula cha mafuta, chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo sana, pilipili mbichi. Rojo hili ni jepesi, linatiririka kama maziwa mazito. Lilaze saa nzima, kisha engua povu lililopanda juu. Paka chuma mafuta, mimina upawa mmoja, zungusha upesi litandae. Lisiguse. Mwanzoni uso wake unang'aa kwa maji, halafu ule mng'ao unafifia kutoka ukingoni kwenda katikati. Katikati pakishapoteza mng'ao na kingo zimeanza kujinyanyua zenyewe, tia mafuta kidogo pembeni, subiri nusu dakika, geuza. Ikikatika ukiigeuza, ama umewahi, ama rojo lilikuwa zito likaiva chini tu, ama unga ulikuwa mbivu. Onja katikati ya ile ya kwanza: ukikuta ladha ya majani mabichi, haijaiva, irudishe kwenye chuma na upunguze moto kwa zinazofuata.

Kuhusu kutunza, saga kidogo kidogo. Dengu ina mafuta yake ndani, si mengi, lakini punje ikishasagwa hewa inayafikia na yanachacha. Unga mbichi kwenye kopo lisilopitisha hewa hukaa mwezi hivi hapa pwani, kwenye friji miezi mitatu. Mbivu nautumia ndani ya wiki mbili tatu, kwa sababu ile harufu nzuri ndiyo ya kwanza kuondoka. Ukifungua kopo ukanusa kitu kama rangi ya mafuta au karanga za zamani, umechacha, mpe kuku. Unga ukiwa umekaa wiki mbili kwenye kopo, ni vigumu kutofautisha mbichi na mbivu kwa macho, kwa hiyo bandika karatasi kwenye kila kopo, jina na tarehe, siku ileile unaposaga.